Sentensi mbili zilizonifungulia mlango LinkedIn

Ombi la kuungana kwenye LinkedIn huonekana tofauti kabisa ukiwa upande wa kulipokea. Hilo nililiona kwa shemeji yangu, anayefanya kazi kitengo cha manunuzi katika ofisi moja ya Mji wa Serikali, Mtumba, jijini Dodoma. Jioni moja nyumbani kwake Area D alinipa simu nimsaidie kupunguza maombi yaliyorundikana. Kila ombi lilikuwa mstari mmoja: picha ndogo, jina, cheo kilichokatwa katikati kwa kukosa nafasi, idadi ya watu mnaofahamiana nao wote wawili, na pembeni kitufe cha kukataa na cha kukubali. Basi. Nilipomuuliza huyu ni nani, alijibu, "Simjui, shemeji. Ruka." Na huyu? "Ruka." Hakuwa na kiburi. Hapakuwa na kitu cha kumshika.

Akaniambia jambo la pili ambalo mtumaji halifikirii. Wengi aliowahi kuwakubali bila kuwajua walimrudia baadaye na tangazo refu la biashara, au na wasifu wa kazi ulioambatanishwa pamoja na "naomba unisaidie". Kwa hiyo ombi tupu limeshamfundisha kinachofuata. Kulipuuza hakumgharimu kitu, kwa sababu LinkedIn haimjulishi mtumaji kwamba amekataliwa. Huku kwako unaona tu ombi linasubiri. Na akishakukataa, anaweza kubonyeza pia kwamba hakujui, na hilo likijirudia kwa watu wengi akaunti yako inaweza kuwekewa vizuizi.

Mimi nasimamia ubora kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti huku Kizota. Shida yetu ilikuwa mafuta kuchacha dukani kabla ya muda, hasa yale yaliyokaa kwenye madumu meupe ya lita 20 yanayopangwa nje juani. Mwanga na joto huharakisha mafuta kuharibika, hilo tulilijua. Tusichojua ni kama kubadilisha chombo peke yake kungetosha, au tatizo linaanzia kwenye kuchuja. Mkemia mmoja wa chakula aliyeko Morogoro alikuwa ameandika LinkedIn kuhusu jaribio lake la jambo hilohilo: mafuta yaleyale, nusu kwenye chombo cheupe, nusu kwenye cheusi. Nilimtaka mtu huyo.

Rasimu ya kwanza niliandika kwenye daftari, si kwenye simu. Ilisomeka hivi: "Habari Daktari, naitwa fulani, ni msimamizi wa ubora mwenye uzoefu. Napenda sana kazi zako na ningefurahi kujifunza kutoka kwako." Ina adabu, lakini ipime. Jina langu na cheo changu tayari anaviona juu ya ujumbe, kwa hiyo sentensi ya kwanza haimpi kitu kipya. Ya pili unaweza kumtumia mhandisi wa barabara, mwanasheria au mchungaji, na kote ikakubali. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia hadi leo: nafuta jina la mpokeaji, namfikiria mtu mwingine kabisa, nasoma tena. Kama maneno bado yanakaa sawa, basi nimepiga hodi bila kusema nimemfuata nani.

Nikaligeuza. Sentensi ya kwanza ikabeba kitu kimoja cha kwake nilichokiona kwa macho yangu, pamoja na pale kinapogusana na kazi yangu. Ya pili ikasema kwa nini nataka tuungane, na sababu ikawa ndogo kiasi kwamba kukubali hakumwongezei mzigo:

"Shikamoo Daktari, nimesoma andiko lako la mafuta ya alizeti kuchacha kwenye madumu meupe, nasi hapa Kizota tunauza kwa madumu hayohayo. Naomba tuungane nifuate matokeo ya jaribio lako."

Hapo hazifiki herufi 190, nafasi na alama zikihesabiwa. Idadi hiyo ina maana, kwa sababu akaunti ya bure inakupa herufi 200 tu, anayelipia ndiye hufika 300. Salamu nimeiweka makusudi. Kuna wanaosema LinkedIn ni ya kizungu, uende moja kwa moja, lakini kwa mama mtu mzima wa Morogoro shikamoo haipotezi nafasi. Tena angalia kisichokuwemo: sikuomba namba ya simu, sikuomba ushauri, sikuomba aje kiwandani. "Nifuate matokeo" ni kitu ambacho angekipata mtu yeyote anayemfuatilia. Maswali yangu ya kuchuja niliyaweka akiba.

Alikubali, na yeye ndiye aliyeanza kuuliza: mafuta yenu yanakaa dukani muda gani, na dumu linafunguliwa mara ngapi? Hilo la kufungua mara kwa mara hatukuwa tumelifikiria. Mwenye duka anapima nusu lita leo, nusu kesho, na kila akifungua hewa mpya inaingia, hata dumu lingekuwa jeusi kama masizi. Tukaanza kupeleka maduka madogo vyombo vya lita 5.

Ufundi wa simu nao unahitaji tahadhari. Ukibonyeza `Connect` kwenye orodha ya watu unaopendekezewa, ombi linaweza kuondoka papo hapo bila kukuuliza kama una neno. Mimi huingia kwanza kwenye ukurasa wa mtu mwenyewe, na kama kitufe cha `Add a note` hakionekani, natafuta njia ya kuweka ujumbe kwenye menyu iliyo chini ya `More`. Akaunti ya bure pia ina kikomo cha ujumbe wa namna hii kwa mwezi, na ni mchache. Kwa hiyo nawawekea wale ninaowahitaji kweli. Wengine nawafuatilia tu kwa `Follow`, au naandika maoni yenye maana chini ya andiko lao kwanza, kwa kuwa maoni hayali kwenye kile kikomo. Nikija kuomba baadaye, jina langu si geni.

Shida ni kwa mtu asiyeandika chochote. Hapo huna andiko la kutaja, na kusifia cheo chake ni kurudi kulekule. Huwa natafuta tunapokutana: chuo, mji, mtu tunayemjua wote, au kazi inayopakana na yangu. Kwa kijana mmoja wa vifungashio niliandika: "Habari kaka, naona ulisoma UDOM na sasa unashughulika na vifungashio Dar, mimi niko kiwanda cha alizeti hapa Dodoma. Naomba tuungane, kwani tunahamia kwenye vyombo vya rangi." Hiyo ni dhaifu kuliko ya Daktari, nakiri, maana UDOM wamesoma maelfu. Kinachoibeba ni ile nusu ya mwisho, inayomwambia kwamba nina jambo linaloingia kwenye kazi yake.

Na wapo wasiojibu hata ukiandika vizuri. Wengine hawafungui LinkedIn mpaka wakitafuta kazi. Ombi likikaa muda mrefu, unaweza kuliondoa kwenye orodha ya uliyotuma, ila fahamu kwamba ukishaliondoa hutaweza kumwomba mtu huyohuyo tena mpaka zipite wiki kama 3. Mimi huliacha kwanza, nikasubiri aandike jambo linalonigusa, ndipo naliondoa nijiandae na sentensi mpya.