Meseji ya ritani ya VAT, kabla haijatumwa kwa kijana

Leo jioni dada mmoja tunayefanya naye kazi uhasibu kanitumia meseji kwanza kabla hajaituma kwa kijana wake, akaniuliza "hii imekaaje?" Kijana mwenyewe bado yuko kwenye mkataba wa majaribio, kazi yake kubwa ni kuandaa shiti ya manunuzi ya mwezi ili tujaze ritani ya VAT, ambayo TRA wanaitaka isizidi tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Meseji ilikuwa hivi, na alikuwa anataka kuitupia kwenye grupu la ofisi:

"Dogo hivi uko siriasi kweli? Kila mwezi makosa yaleyale. Hii shiti haieleweki, rudia yote na ujifunze kuwa makini."

Nkamwambia subiri kwanza, nitumie na hiyo shiti. Sikutaka kumwambia kwamba ni mkali, maana ukali peke yake wala sio shida, kuna wakati mtu anastahili. Nilichotaka kujua ni kama hayo aliyoandika ni kweli. Tukaanza na "kila mwezi makosa yaleyale", tukafungua mafaili ya nyuma, kumbe mwezi uliopita kosa lilikuwa ni kuchelewesha shiti na mwezi wa kabla yake ilikosekana ankara moja ya stoo. Makosa matatu tofauti, ye kichwani kayaunganisha yakawa kosa moja. Afu "rudia yote": shiti ina risiti 41 na zenye shida ni 3. Sasa kijana akiambiwa arudie yote atafanyaje? Atapitia zile 38 nzuri, pengine aharibu mojawapo, na zile 3 ataziacha kama zilivyo maana hajui kosa liko wapi!

Na kosa lenyewe ukiliangalia vizuri linajieleza. Bei kwenye hizo risiti 3 zilikuwa zimejumlisha VAT tayari, kijana kachukua jumla akazidisha kwa asilimia 18. Mfano risiti ya 590,000, kaandika VAT 106,200. Hapo ilitakiwa agawanye kwa 118 kisha azidishe kwa 18, ije 90,000, kwa sababu bei ya mzigo kabla ya kodi ni 500,000. Ukizijumlisha zote 3 tulikuwa tunaenda kudai 55,080 ambayo sio yetu, na TRA wakija kukagua hawakuulizi nani alikuwa mgeni ofisini, wanadai chao na riba juu.

Kilichonishangaza ni kwa nini 3 tu. Kama hajui hesabu si angekosea zote? Tukaenda kwenye boksi la risiti. Zote 3 zimefifia, ile karatasi ya mashine ya EFD ikikaa juani au kwenye dashibodi ya gari la dereva inabaki nyeupe. Kwenye zile 38 ye ananakili tu mstari wa kodi uliochapwa, kwa hizi 3 mstari hausomeki, kachukua jumla iliyoko kwenye vocha ya malipo akapiga hesabu mwenyewe. Kwa hiyo uzembe hapo sikuuona. Alikutana na kitu ambacho hakuna mtu alimfundisha afanyeje, na badala ya kuuliza akabuni. Hilo la kutouliza ndilo la kumwambia, ila huwezi kulisema kama hujafika kwenye lile boksi.

Basi dada akaandika upya, na hapa ndo akanichekesha, maana alihama upande mmoja akaenda kugonga ukuta wa pili:

"Habari mdogo wangu, pole na majukumu. Umejitahidi sana, kazi nzuri, ila kuna vitu vidogo vidogo kwenye shiti ukipata nafasi naomba uviangalie. Ubarikiwe."

Hii ni mbaya kuliko ya kwanza, na mi sitanii. Ya kwanza walau kijana angejua kuna moto. Hii akiisoma atajibu "Amina dada" na kwenda kula. Sisi tuna adabu ya kupunguza makali, "kidogo", "ukipata nafasi", "naomba", mtu mzima mwenzako anajua kusoma katikati ya mistari, lakini mgeni kazini anachukua maneno kama yalivyo. Shilingi 55,080 za kodi sio vitu vidogo vidogo, na kama tarehe 20 iko mlangoni hakuna cha ukipata nafasi. Afu hiyo "kazi nzuri" ni nzuri kwa lipi? Akiulizwa na kijana atababaika.

Nkamuuliza, kuna kitu chochote ambacho huyu dogo alikifanya vizuri mwezi huu, kitu cha kuonyesha kwa kidole? Akafikiria, akasema ndiyo, kuna risiti moja aliikataa mwenyewe kwa sababu TIN iliyoandikwa sio yetu, akairudisha dukani ikabadilishwa. Sasa hiyo ndo sifa! Tena inahusiana na kosa lenyewe, maana ni jicho lilelile la kutilia shaka risiti, angelitumia kwenye zile 3 tusingekuwa hapa. Meseji ya tatu ikatoka hivi, na ilienda inboksi yake, sio grupu:

"Habari za jioni. Nimepitia shiti ya mwezi huu. Risiti 38 ziko sawa, na ile uliyoirudisha kwa sababu ya TIN ulifanya jambo la maana, wengi wangeipitisha. Risiti namba 7, 19 na 33 VAT imezidi, jumla 55,080. Umezidisha kwa 18% bei ambayo tayari ina VAT ndani. Namba 7 ni 590,000, gawanya kwa 118 zidisha kwa 18, inakuja 90,000. Nimeona zimefifia, na hatukuwahi kukuelekeza ukikuta hivyo ufanyeje, hilo ni letu. Kuanzia sasa risiti ikiwa haisomeki usikadirie, niulize kwanza. Kama namba ya uhakiki inaonekana iangalie verify.tra.go.tz, kama haionekani tunamfuata aliyetuuzia. Rekebisha hizo 3 tu, nizipate kesho saa 6 mchana ili nibaki na muda wa kuhakiki kabla ya kutuma. Ukikwama nipigie."

Ndefu, najua. Dada naye alilalamika kwamba ni barua hii. Nkamwambia meseji ya mistari miwili ingemletea simu nne kesho asubuhi. Nilimtolea kitu kimoja tu, alikuwa kaongeza mwishoni "lakini usijisikie vibaya", nikaifuta, mtu akiambiwa hivyo ndo anaanza kujisikia vibaya.

Kwenye grupu tukaweka taarifa ya wote bila jina wala stori: risiti ya EFD ipigwe picha siku inapofika ofisini, madereva mnaombwa msiziache kwenye dashibodi.

Ila hii staili ina mpaka. Mwezi ujao akirudia kukadiria ilhali kaelekezwa kwa maandishi, hapo sio suala la meseji tena, anaitwa, wanakaa, anasikilizwa, na kwa kuwa yuko kwenye majaribio aambiwe waziwazi kwamba hilo litaangaliwa kwenye kumthibitisha kazini. Na kama ni hela imepotea pia usiandike chochote kwa hasira usiku, meseji hizo huwa zinaishi muda mrefu kuliko hasira.

Kijana kajibu saa 3 usiku: "Sawa dada nimeelewa, nitazirekebisha. Samahani, kuna duka moja la vipuri huwa wananipa risiti haina TIN yetu kabisa, wanasema mashine yao haikubali, hizo nazo niziweke?" Dada hakuwa anajua kama kuna duka la namba hiyo. Kamwambia asiziweke kwanza, kesho wanaanza kuzitafuta moja moja wajue ziko ngapi.