Siku moja maishani mwangu: grafu tatu, samaki wale wale

Saa mbili asubuhi. Nimeshavuka feri ya Likoni, niko mezani. Leo nachagua grafu ya kubandika kwenye ubao wa diko letu, ionyeshe samaki waliopimwa kwa miaka miwili. Wenzangu wamechora tatu, zote kutoka daftari moja la mizani.

Saa tatu. Ya kwanza ni nguzo mbili: mwaka juzi tani 41, mwaka jana tani 39. Mhimili wa wima umeanzia 38, kwa hiyo nguzo ya pili inaonekana theluthi ya mwenzake. Hesabu yenyewe ni upungufu wa kama asilimia 5 tu. Nguzo husomwa kwa urefu wake, basi ni lazima isimame kwenye sifuri. Hii naiweka kando.

Saa nne. Ya pili ndiyo inayonikera, maana haina namba hata moja iliyokosewa. Ni mstari wa mwaka jana, kuanzia Januari hadi Julai, nao unaporomoka. Lakini Januari ni kaskazi, bahari imetulia, hata vidau vidogo hutoka. Julai ni kusi, mawimbi ni makali na vyombo vingi hubaki ufukoni. Nachora juu yake miezi hiyo hiyo ya mwaka juzi: mistari yote miwili inateremka pamoja. Mteremko huo ni wa msimu, na aliyechagua mwanzo na mwisho wa grafu ndiye aliyeutengeneza, hata kama hakukusudia. Mwenye kutaka kujua mwelekeo alinganishe Julai na Julai.

Saa sita. Ya tatu ina nukta hafifu za miezi yote 24, na juu yake mstari mzito wa wastani wa miezi 12. Kila wastani umebeba kaskazi nzima na kusi nzima, kwa hiyo msimu hauyumbishi tena mstari. Unashuka taratibu. Miezi 24 hutoa wastani 13 tu, na hiyo ni njia fupi mno kutabiria mwakani, lakini kwa yaliyopita inatosha.

Saa nane. Dikoni namwonyesha nahodha mmoja mzee kila picha kwa muda mfupi, kisha naifunika na kumuuliza ameona nini.

“Samaki wamekwisha,” asema kwa ya kwanza. Kwa ya pili, “Mwanangu, hiyo ni kusi tu.” Kwa ya tatu anakawia kidogo. “Wanapungua, polepole. Lakini vyombo vilitoka mara ngapi?”

Swali lake ni zito. Tani zikipungua, huenda samaki ni wachache, au safari ndizo zilizopungua, na daftari letu haliandiki safari.

Saa kumi. Nabandika ya tatu. Chini yake naandika kwa herufi kubwa: “Kilo zilizopimwa. Idadi ya safari haimo.” Kwenye daftari nachora safu mpya, ya chombo na siku kilipotoka, mpimaji aanze kuijaza kesho.