Usimdai Mtu Furaha

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimeomba kwa shida kweli, maana kila nikifumba macho naziona zile tiki mbili za bluu na chini yake hamna kitu. Nilimtumia dada yangu meseji kumwambia nina mimba, akaisoma, akanyamaza. Wengine wote washajibu. Mama mkwe kalia kwa furaha, mama mzazi kauliza "na ile kazi yako ya mkataba mmejipangaje?", mjomba mmoja kasema hongera na hapohapo akahamia kwenye mambo yake, na kuna mtu nilimwomba kabisa akae na siri akairusha kwenye grupu la ukoo kabla hata sijamaliza kuwapigia wakubwa. Hayo yote niliyameza. Kimya cha dada ndo kilinikaba.

Dada yangu ameshapoteza mimba, zaidi ya moja. Mi najua, familia nzima inajua, na bado kuna kasauti ndani yangu kakawa kananiambia, yaani hata hongera tu?

Ndo nikarudi kwa Yusufu. Huyu tunamsoma kila Krismasi tukiwa na haraka ya kufika horini. Hebu tulia naye kidogo. Malaika anamwambia Mariamu kwamba Elisabeti yuko mwezi wa sita, Mariamu anakwenda milimani kwa haraka, anakaa kule kama miezi mitatu, halafu anarudi kwao. Piga hesabu mwenyewe, karudi na mimba ya miezi kama mitatu hivi. Na Mathayo hatuambii nani alimpa Yusufu habari wala kwa maneno gani, anasema tu Mariamu "alionekana ana mimba". Kwa Elisabeti mtoto karuka tumboni na baraka zikatoka kwa sauti kuu. Kwa mchumba wake mwenyewe mambo yakawa mengine kabisa, mwanaume kaazimu kumwacha kwa siri.

Sasa angalia, mstari huohuo wa 19 unaotuambia alitaka kuachana naye ndo unaomwita mtu wa haki. Haukungoja mpaka abadilike. Na mstari wa 20 unasema alipokuwa akifikiri hayo ndipo malaika akamtokea, maana yake Mungu alimwacha afikiri kwanza, habari ikamuumiza, akapanga mpango mbaya kichwani, ndo akajibiwa usingizini. Hamna sehemu tunayosoma kwamba Mariamu alimfuata kumlazimisha aamini. Sisi tungeitisha kikao jioni ileile.

Wapendwa niseme ukweli hata kama utauma. Tunabeba habari njema kwa ndugu zetu kama msimamizi anayegawa mtihani. Tunaangalia nani kajibu kwa haraka, nani kaweka emoji ngapi, nani kapiga simu, halafu tunatoa maksi. Huyu ananipenda, huyu ana wivu, huyu ana roho mbaya. Wengine tunafika mpaka kwenye maombi ya usiku tunamtaja shangazi au wifi kuwa ni adui wa tumbo letu, kisa hakushangilia! Dada wa watu kumbe yuko bafuni analia na bomba kafungulia asisikike, wewe uko madhabahuni unamkemea. Acha. Hiyo si vita ya kiroho, hiyo ni kumnyanyasa mtu mwenye msiba. Mithali 25:20 inasema anayemwimbia nyimbo mtu mwenye huzuni ni kama anayevua nguo siku ya baridi. Habari yako ni wimbo mzuri, sawa, lakini kwake ni baridi, mpe muda avae.

Nawaeleza nilivyomwambia, labda kuna mtu yuko njia hiyohiyo. Nilimwambia kabla ya wengine, asije akayakuta kwenye grupu watu wakishangilia na yeye akatakiwa kuandika kitu. Nilimwandikia, sikumpigia, kwa sababu simu inamlazimisha mtu afurahi kwa sauti hapohapo wakati moyo bado unatafuta pa kushika. Sikutuma picha ya utrasaundi. Na sikumwekea yale maneno ya "na wewe zamu yako inakuja, Mungu hajakusahau", kwa sababu mtu aliyezika matumaini ameshayasikia hayo mpaka yamemchosha, na tena mi sina ahadi hiyo mkononi nimpe. Niliandika hivi: "Dada, nimetaka ulijue hili kutoka kwangu kabla sijamwambia mtu mwingine nyumbani. Nina mimba, wiki ya 13. Huna haja ya kunijibu leo. Jumapili nitawaambia wazee kwenye simu ya familia, usipokuwepo nitaelewa na sitamwambia mtu kwanini." Basi. Halafu ndo ile tiki. Mume wangu akataka kumpigia aone kama yuko salama, nikamwomba asubiri. Kama huna haja ya kujibu ni huna haja ya kujibu, huwezi kumwambia mtu ajipe muda halafu ukamkagua jioni.

Kuna mtu ataniuliza kwanini niliwaficha mpaka wiki ya 13. Elisabeti alijitenga miezi mitano na hakuna aliyemwita mtu wa imani haba. Mimba nyingi zinazotoka hutoka ndani ya wiki 12 za mwanzo, baada ya hapo hatari inapungua sana, ndo maana wengi wanangoja. Ila usingoje peke yako kabisa, mwambie hata mmoja mapema, yule ambaye ungemwita ukilia.

Na nyie wenye uchumba, someni Mwanzo 24. Labani na Bethueli wanasema neno hili limetoka kwa Bwana, wanakubali usiku Rebeka aolewe na Isaka, kulipokucha kaka na mama wanataka binti abaki walau siku kumi. Hawakugeuka, ni kwamba ndiyo yao ilifika mdomoni kabla ya kufika moyoni. Mzazi wako akikubali leo na kesho akaanza maswali ya kazi na mahali pa kukaa, mjibu hayo maswali kwa ukweli, mara nyingi ni hofu inauliza. Hivyo ndo nilivyofanya na mama, nikamtajia mkataba unaisha lini na tumeweka akiba kiasi gani, akatulia. Matusi ni kitu kingine. Mtu anayemtukana mchumba wako kila mkiongea huna deni la kumsikiliza, aga kwa heshima ukate simu.

Dada amejibu jana. Kaandika, "Nimefurahi kwa ajili yako, nimelia kwa ajili yangu. Usinitumie picha kwanza." Nikajibu sawa dada, nikaishia hapo, ingawa vidole viliwasha kweli kuandika aya nzima. Amesoma haya kabla yenu na kaniruhusu.

Warumi 12:15 tunasema furahini na wanaofurahi, lieni na wanaolia, tukidhani ni nyumba mbili tofauti. Kwetu ni nyumba moja na wiki moja. Wale wanaopanga sherehe ya mtoto wameshaniuliza kama dada ataongoza maandalizi kama alivyozoea, nimewaambia watafute mwingine na wasimuulize sababu. Mnaomjua mwombeeni, ila naomba msimpigie.