Jino likichoma kwa soda baridi: kilichoamua ni muda wa maumivu

Maumivu yangu yalikuwa juu kushoto, kwenye chonge na jino linaloifuata, na yalikuja kwa kitu cha baridi tu. Ukishinda kwenye soko la samaki la Mwaloni, pale Kirumba, Mwanza, jua la mchana likiwa utosini, soda iliyotoka kwenye friji huikwepi. Nilikuwa nikipiga funda la kwanza, jino linachoma mara moja, kwa ukali wa kunifumbisha jicho. Nikishameza, hata chupa sijaitua mezani, yamekwisha. Chai ya moto haikunisumbua, samaki nilitafuna upande uleule, na usiku nililala bila shida.

Wakati huohuo shangazi yangu alikuwa amevuka kutoka Ukerewe kuja kwangu kwa sababu ya gego la chini. Naye alisema jino lake "linakataa baridi", basi nyumbani tukajihesabu wagonjwa wa ugonjwa mmoja. Majirani nao wakatupa ushauri mmoja: karafuu kwanza, zikishindikana yang'olewe yote. Tulikwenda kwa daktari wa meno pamoja, na swali lake la kwanza lilitutenganisha: "Ukishameza hayo maji ya baridi, maumivu yanakaa muda gani?"

Mimi nilijibu kwamba hayakai. Shangazi alisema yanaanza, yanapanda, kisha yanabaki yakipwita hata dakika kadhaa. Daktari alipomdodosa zaidi, mengine yakatoka: chai ya moto nayo ilikuwa inaamsha jino, na usiku lilimwamsha lenyewe bila kuguswa. Siku za karibuni alikuwa analala na kikombe cha maji ya baridi kando ya kitanda, anasukutua ili lipoe. Baridi iliyokuwa inamuumiza mwanzoni sasa ndiyo ilikuwa inamtuliza. Daktari alilitilia maanani sana jambo hilo, na nilipoelewa jino lilivyo ndani nikaona kwa nini.

Ganda jeupe la nje la jino, enameli, halina neva. Chini yake kuna dentini, na dentini imejaa mirija midogo sana isiyoonekana kwa macho, iliyojaa majimaji, inayoelekea ndani kwenye kiini chenye neva na mishipa ya damu. Enameli ikiwa nzima, na fizi ikiwa imefunika shingo ya jino, mirija hiyo imezibwa. Ikiachwa wazi, baridi inayafanya majimaji yasinyae na kusogea kwa ghafla kuelekea nje, na msogeo huo unazigusa neva za haraka zilizo mpakani mwa kiini. Hapo ndipo unapata mchomo mkali na mfupi. Baridi ikiondoka, majimaji yanatulia na maumivu yanakoma, kwa kuwa kiini chenyewe bado ni kizima.

Cha shangazi hakikuwa kizima. Kiini kikishavimba kwa sababu ya bakteria, kimefungiwa ndani ya kuta ngumu zisizotanuka, na mgandamizo unapanda. Zinazoamka sasa ni neva za polepole, zile za maumivu mazito yanayopwita na kuendelea hata kilichoyaanzisha kikiondolewa. Joto linaongeza mgandamizo, na baridi inaweza kuupunguza kidogo. Ndiyo maana ya kile kikombe.

Daktari hakutegemea maelezo yetu peke yake. Alichukua kipande kidogo cha pamba, akakipulizia dawa ya baridi kali, akakigusisha kwanza kwenye meno yangu mazima ya upande wa kulia ili ajue kwangu kawaida ni ipi. Kisha akaja kushoto. Nilishtuka haraka na kwa nguvu zaidi, lakini alipoondoa pamba maumivu yakakatika palepale. Kwa shangazi aliiondoa pamba, na bado alibaki ameshika shavu. Madaktari wengi huchukua kama sekunde 30 kuwa mpaka: yakizidi hapo, kiini kinashukiwa kuwa kimeharibika kiasi cha kutopona chenyewe. Huo ni mpaka wa kukadiria, kwa hiyo aliupima pamoja na dalili nyingine na eksirei. Eksirei ya shangazi ilionyesha tundu lililofika karibu kabisa na kiini. Antibaiotiki alizokuwa amenunua duka la dawa hazikumsaidia, na daktari alieleza kwamba haziponyi kiini kilichovimba namna ile. Njia zilikuwa mbili, kusafisha mizizi na kuiziba, au kung'oa. Shangazi alichagua kung'oa kwa sababu hakuweza kurudirudi kutoka kisiwani.

Kwangu alipitisha chuma chembamba pole pole kwenye shingo za meno, pale yanapokutana na fizi. Kwenye chonge fizi ilikuwa imerudi nyuma na mzizi umejitokeza. Kwenye jino linalofuata palikuwa na mkato, kama alama ya tupa, na chuma kilipopita hapo nilipata mchomo uleule wa soda. Aliniuliza napigaje mswaki. Mswaki wangu ni mgumu, nauendesha kwa kukata mbele na nyuma, na natumia mkono wa kulia. Alisema kwa wanaotumia mkono wa kulia hukuta mikato hii mara nyingi juu kushoto, kwa kuwa hapo ndipo mkono unapokandamiza. Kisha akauliza kuhusu vitu vya ukali, yaani ndimu kwenye samaki, embe bichi, ukwaju na soda zenyewe. Asidi inalainisha uso wa jino kwa muda, na mswaki mgumu ukipita hapo mapema unaondoa zaidi.

Kabla ya kuamini hilo alinigongagonga meno na kuning'atisha kijiti, jino moja baada ya jingine. Jino lenye ufa linaweza kuchoma kwa baridi kwa muda mfupi vilevile, ila mara nyingi linajitambulisha unapong'ata kitu, hasa unapoachia. Tundu changa lililojificha kati ya meno mawili nalo huanza hivihivi, mara nyingi kwenye jino moja, na vitu vitamu huliamsha. Hili ndilo ningependa watu walishike: maumivu mafupi yanaonyesha kwamba kiini kinaelekea kuwa salama, lakini peke yake hayasemi baridi inaingilia wapi. Eksirei yangu haikuonyesha tundu.

Alinipa mswaki laini, na dawa ya meno ya ganzi yenye potasiamu naitreti asilimia 5 pamoja na floraidi. Potasiamu hutuliza neva taratibu, kwa hiyo inataka wiki kadhaa za kutumia asubuhi na jioni. Ukiitumia siku mbili tatu ukaacha, hutaona kitu. Niliambiwa niteme povu bila kusukutua kwa maji mengi, na nikishakula ndimu au kunywa soda nisubiri angalau nusu saa kabla ya mswaki.

Chonge ilitulia. Jino la pili lilipungua tu, maana mkato wake ulikuwa wa kina, na niliporudi daktari aliuziba kwa dawa nyeupe bila hata sindano. Sasa soda baridi inapita. Aliniagiza nirudi mapema iwapo maumivu yataanza kubaki baada ya kumeza, moto ukianza kuliamsha jino, au likiniuma usiku bila kuguswa.