Nilivyoacha kutia "-wa" kwenye kila kitenzi cha Kilatini chenye -tur

Nimesoma seminari ndogo, na kama umepita huko unajua Kilatini sio somo la utani, ukichemsha mara mbili unaanza kuangaliwa vibaya. Mimi form two nilichemsha kwa sababu ya kitu kimoja tu, vitenzi deponenti, yaani vile vyenye sura ya kutendwa lakini maana yake ni ya kutenda. Na nilichemsha kwa sababu nilipewa ushauri mbovu nikauamini kabisa, ndo maana naandika hii, maana juzi nimemsikia dogo mmoja anapewa ushauri uleule neno kwa neno miaka yote hii baadae, roho ikaniuma.

Ushauri wenyewe ulitoka kwa braza mmoja wa form four. Aliniambia hivi: "Dogo, usijisumbue, ukiona mwisho wa kitenzi ni -or, -tur au -ntur wewe tia -wa. Laudat anasifu, laudatur anasifiwa. Basi, imeisha hiyo." Na kweli kwa laudatur imeisha. Nikafanya mazoezi kama ishirini hivi, yote nikapata, nikalala usingizi mzuri.

Tesiti ikaja. Sentensi ya kwanza: Dux milites hortatur. Nikaandika kwa kujiamini, "Kiongozi anahimizwa na askari." Ya pili: Discipuli magistrum sequuntur. Nikaandika "Wanafunzi wanafuatwa na mwalimu." Zilikua sentensi kumi, saba zina deponenti, na zote saba nilizigeuza nje ndani, yaani mtenda kawa mtendwa na mtendwa kawa mtenda. Sentensi zenyewe zilikua zinasema "Kiongozi anawahimiza askari" na "Wanafunzi wanamfuata mwalimu". Nilikosa saba kwa kosa moja.

Fada aliyekua anatufundisha hakunichapa wala hakunisema. Aliniita, akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari chini ya milites, akaniuliza, "Hawa askari wanafanya nini hapa?" Nikasema wanahimiza Fada. Akasema, "Wangekua wanahimiza ungewaona wameandikwa a militibus. Hapa wameandikwa milites, na dux keshashika nafasi ya mtenda, sasa hawa ni nani kama sio wanaohimizwa?" Nikanyamaza. Akasema tena, "Nenda kasali Kanuni ya Imani kwa Kilatini, ile fupi ya Mitume, polepole, halafu uje uniambie umeona nini."

Nikadhani ni adhabu. Kumbe ndo somo lenyewe.

Kaa na huu mstari kidogo, maana sijawahi kuona mahali pengine ambapo hili jambo limejipanga vizuri hivi: conceptus est de Spiritu Sancto, natus ex Maria Virgine, passus sub Pontio Pilato, crucifixus, mortuus, et sepultus. Maneno sita, yote yana sura moja, yote ya -tus, -sus, -xus, -uus huko mwishoni. Hii nayo ni sura ya kutendwa, ya jambo lililokwisha pita, kwa hiyo kwa kanuni ya yule braza yote yanatakiwa kua na -wa. Sasa soma Kiswahili tunachosali kila siku kwenye rozari: aliyetungwa, akazaliwa, akateswa, akasulubiwa, akafa, akazikwa. Umeona? Tano zina -wa, moja haina. Akafa. Nimesali hayo maneno tangu komunyo ya kwanza na sikuwahi kujiuliza kwanini katikati ya zile -wa zote pana neno moja limesimama peke yake. Mortuus ina sura ileile ya sepultus, lakini hakuna mtu duniani anasema "akafwa".

Nikakimbia kwenye kamusi ya maktaba. Na hapa ndo siri yote ilipo, sio kwenye mwisho wa neno, ni kwenye kamusi. Kitenzi cha kawaida kamusi inakupa sehemu nne: sepelio, sepelire, sepelivi, sepultum. Cha kwanza kinaishia na -o, maana yake kitenzi hiki kina sura ya kutenda, nazika. Kwa hiyo ukikikuta kimevaa sura ya kutendwa ujue kweli kimetendwa, amezikwa. Deponenti inakupa tatu tu: morior, mori, mortuus sum. Inaanza na -or moja kwa moja. Ukitafuta "morio" hukipati, hakipo. Kitenzi hakina nguo nyingine, kina hii moja tu yenye sura ya kutendwa, sasa kikitaka kusema jambo la kutenda kitavaa nini? Kitavaa hiyohiyo. Hata jina linatoka kwenye deponere, kuweka chini, na Fada alitufafanulia kwamba ni kama vimeiweka chini ile sura yao ya kutenda vikabaki na hii.

Nikayapitisha yote sita. Conceptus inatoka kwa concipio, ina -o, kutendwa kweli. Crucifixus inatoka kwa crucifigo, kutendwa kweli. Sepultus hivyohivyo. Halafu natus ni nascor, nasci, natus sum, deponenti. Passus ni patior, pati, passus sum, deponenti. Mortuus deponenti. Tatu kwa tatu, zimechanganyika kwenye pumzi moja, na kwa macho huwezi kuzitenganisha kabisa.

Angalia pia jinsi Kiswahili kilivyonidanganya kwenye mbili. Kuzaliwa kwetu kuna -wa, kwa hiyo natus ilinipa picha kwamba kanuni ya braza inafanya kazi. Na passus tunasali "akateswa", wakati patior yenyewe maana yake ni kuteseka, kuvumilia mateso, anayeteseka ndo mtenda wa kitenzi. Tafsiri sio mbaya, ni nzuri, ila ukiitumia kujifunzia sarufi ya Kilatini inakupoteza. Kwa hiyo usipime deponenti kwa tafsiri unayoijua kichwani. Pima kwa kamusi.

Nilipomrudishia Fada majibu alifurahi sana, akanipa kitu ambacho mpaka leo nawafundishia wengine. Akasema, "Wewe unadhani Kilatini ni kigeni, haya niambie, kuelewa, hiyo -wa ya mwisho inafanya nini?" Jamani! Kuelewa. Ukikaa na wazee wa pwani utasikia "maneno yako yamenielea", yaani yamekua wazi kwangu. Kuelea ndo mzizi, kuelewa kwa sura ni kutendwa kwake. Lakini mtu akisema "naelewa somo" nani anatenda? Mimi. Na lile somo ni kitu ninachokielewa, limekaa pale palepale pa kitu kinachotendwa, kama milites pembeni ya hortatur. Tena ukitaka kutendwa kwa kweli inabidi utafute njia nyingine, useme "somo linaeleweka". Yaani tuna kitenzi chenye tabia ya deponenti mdomoni kila siku, na hakuna Mswahili hata mmoja anayekikosea. Kuanzia siku ile nikikutana na loquitur au hortatur nasema moyoni "hii ni kuelewa", na akili inatulia.

Nikanunua kaunta buku, elfu mbili au tatu hivi wakati ule, nikaanza kuandika deponenti tu, kila moja na sehemu zake tatu, na naziimba kama wimbo: loquor loqui locutus sum, sequor sequi secutus sum, hortor hortari hortatus sum, confiteor confiteri confessus sum. Usikariri cha kwanza peke yake, ndo kosa la wengi, maana kwenye maandishi utakutana sana na cha tatu na mara nyingine hakifanani na cha kwanza hata kidogo. Nani ataona profectus est akumbuke proficiscor kama hajaziimba pamoja? Nilifika kama sitini, na zile ishirini za mwanzo ndo zilikua zinanirudia kila mahali.

Zoezi nililolipenda ni ile Kanuni ndefu ya Misa, pale kwa Roho Mtakatifu: qui cum Patre et Filio simul adoratur et conglorificatur, qui locutus est per prophetas. Mbili za kwanza, anaabudiwa na kutukuzwa, zina adoro na conglorifico, -o ipo, kutendwa kweli. Ya tatu ni loquor, kwa hiyo sio "aliyesemwa" ni "aliyenena". Mwenye kanuni ya -wa angemfanya Roho Mtakatifu asemwe na manabii.

Sasa kuna sura mbili ambazo lazima uzijue maana haziko kwenye zile -or na -tur. Amri ya mtu mmoja inaishia na -re. Miserere nobis, utuhurumie. Sequere me, nifuate, ndo Yesu alivyomwambia Matayo pale kwenye forodha. Mimi nilikua naona miserere nadhani ni "kuhurumia", kwa sababu habere ni kua na, regere ni kutawala, zinafanana. Kwenye deponenti ile ya "ku-" inaishia na -i: misereri kuhurumia, hortari kuhimiza, na kundi la tatu la vitenzi inabaki -i tupu, sequi kufuata, loqui kusema. Ukishajua kitenzi ni deponenti basi -re ni amri, -i ni "ku-", na hutababaika tena.

Na sio kila sura ya deponenti imevaa kutendwa. Loquens, anayesema, moriens, anayekufa, moriturus, atakayekufa, hizi zina sura ya kutenda na maana ya kutenda, hazina shida yoyote, zitafsiri kama unavyoziona.

Ila moja ilibaki. Pepa ya mwisho wa mwaka Fada aliweka Magister discipulis sequendus est. Wenzangu wengi, wakiwemo wale tuliokua tunaimba wote kaunta buku, waliandika "Mwalimu anawafuata wanafunzi" kwa sababu sequor ni deponenti na deponenti inatenda. Mimi niliangalia ile -ndus nikakumbuka alichosema siku moja kwa kupitia tu, kwamba hiyo sura hata kwenye deponenti inabaki na maana ya kutendwa. Nikaandika "Mwalimu anapaswa kufuatwa na wanafunzi", nikarudisha ile -wa niliyokua nimeikimbia mwaka mzima, na nikapata.