Siku Moja Mezani kwa Katibu Muhtasi: Kusahihisha Tangazo Lililokwisha Kusambaa

Saa 1:30 asubuhi. Nafungua ofisi, napanga barua za kusainiwa na kupitia ratiba ya bosi. Wengi hudhani kazi ya katibu muhtasi ni kupokea simu na kuchapa anachoambiwa. Fuatana nami leo Jumatatu, uone.

Saa 2:10. Mhasibu anapiga simu. Tangazo lililotoka Ijumaa kwa sahihi ya bosi linasema mwisho wa kupokea fomu za malipo ya muda wa ziada ni Ijumaa tarehe 16, lakini mishahara inafungwa Jumatano tarehe 14. Aliyeliandaa alitumia tangazo la mwezi uliopita na hakubadilisha kila kitu. Kati ya makosa ya tarehe, hili ndilo baya zaidi. Tarehe ya kweli ingekuwa mbele, watu wangewahi tu na lisingeharibika neno. Ikiwa nyuma, anayelitii tangazo ndiye anayekosa pesa yake.

Bado siandiki. Namwomba mhasibu anithibitishie kwa barua pepe siku na saa kamili, maana marekebisho nayo yakihitaji marekebisho, hakuna atakayeliamini tangazo la tatu. Anajibu: Jumatano, saa 10 jioni.

Saa 3:00. Bosi ameshaandika rasimu yake: “Kutokana na changamoto zilizojitokeza, mnaombwa kupuuza tangazo la awali.” Hapa ndipo asubuhi yangu ilipoishia. Tangazo la awali lilikuwa na mambo matatu: tarehe, fomu mpya, na agizo kwamba msimamizi asaini kila fomu. Mawili ya mwisho ni sahihi. Ukiwaambia watu wapuuze tangazo zima, kesho utapokea lundo la fomu za zamani zisizo na sahihi, na kosa moja litakuwa limezaa matatu.

“Bosi, tutengue tarehe peke yake,” nikamwambia.

Akataka basi tueleze kwamba kosa ni la kijana aliyeandaa. Nikamsihi tuliache hilo. Sahihi ni yake, na wafanyakazi wanaujua mkono uliosaini. Akimtupia mdogo lawama, ndipo watakapoanza kutilia shaka hata matangazo yake yaliyo sahihi. Wala hakuna haja ya aya nzima ya kujieleza. Msomaji anatafuta tarehe, si historia ya kosa. Tulivutana hadi saa tano kasoro, kisha akasaini hili:

“YAH: MAREKEBISHO YA TAREHE – FOMU ZA MUDA WA ZIADA MWISHO JUMATANO TAREHE 14, SAA 10 JIONI

Fomu za muda wa ziada zitapokelewa hadi Jumatano tarehe 14, saa 10 jioni. Tangazo langu la tarehe 9 lilitaja Ijumaa tarehe 16. Tarehe hiyo haikuwa sahihi. Naomba radhi kwa usumbufu. Maagizo mengine ya tangazo hilo hayajabadilika: tumia fomu mpya, na isainiwe na msimamizi wako. Kama umeshawasilisha fomu hiyo ikiwa imesainiwa, huna la kufanya zaidi. Maswali yaletwe kwa katibu muhtasi.”

Tarehe sahihi inatangulia, tena imo kwenye kichwa cha habari, kwa sababu wapo wasiofungua ujumbe. Tarehe ya makosa inatajwa mara moja tu na haikolezwi wino. Anayepitisha macho haraka huondoka na kile kilichokolezwa.

Baadaye ni miguu. Marekebisho lazima yapite kila njia iliyopita tangazo la kwanza: barua pepe kwa orodha ileile, kundi la WhatsApp, mbao za matangazo. Kuivuta barua pepe iliyokwisha kusomwa hakusaidii, na picha ya lile la kwanza imeshazunguka kwenye simu za watu. Ubaoni nimelibandua la zamani kwa mkono wangu, kwani yakikaa mawili pamoja, kila mtu atasoma linalompendeza.

Mchana simu hazikukoma. Mkuu mmoja wa kitengo alifoka, “Lipi sasa la kweli?” Nikamsomea kichwa cha habari, akatulia. Nami nayapima marekebisho kwa maswali hayohayo. Wakiuliza sana tarehe, kichwa cha habari kimeshindwa. Wakiuliza kama fomu ya zamani inakubalika, sentensi ya “hayajabadilika” haikueleweka. Wa tarehe alikuwa huyo mmoja. Wa fomu walikuwa wengi, kwa hiyo nikatuma kundini mstari mmoja wa nyongeza: fomu ya zamani haitapokelewa.

Jioni miguu inawaka moto, lakini siondoki kabla zamu ya usiku haijaingia. Hao hawakuwepo mchana na wengi hawana barua pepe ya kazini. Nampa msimamizi wao nakala mkononi, namwomba awasomee kabla hawajaanza kazi, kisha nafunga ofisi.