Eti asilimia 87 ni AI

2023 nilikuwa naandikia klayenti mmoja wa Marekani anayeuza vifaa vya kufugia kuku, akanipa makala ya maneno 1,500 ya kulea vifaranga. Nikaona hii ni mteremko, vifaranga nimelea na mama tangu nikiwa mdogo. Nikaandika vile tulifunzwa shule, kila sentensi na wazo lake: wiki ya kwanza joto liwe nyuzi 35, kila wiki unapunguza kama nyuzi 3, wakirundikana chini ya taa wanasikia baridi, wakiikimbia joto limezidi.

Nikatuma nikalala. Asubuhi imeli: "Detekta inasema asilimia 87 ni AI, siwezi kulipa." Na skrinshoti imejaa manjano.

Nilikasirika wee! Halafu nikatulia nikaiangalia hiyo manjano. Ilikuwa imeshika kwa joto na kwa chanjo, lakini aya ya kifaranga aliyezama kwa sahani ya maji, mpaka mama akaanza kuweka vijiwe ndani, hiyo haikuguswa. Hizi detekta hazijui nani ameandika, nyingi zinaangalia tu kama neno linalofuata linatabirika na kama urefu wa sentensi unabadilikabadilika, sasa nyuzi 35 utaziandikaje zisitabirike? Na sisi wenye Kiingereza cha darasani ndio tunaumia zaidi, mwaka huohuo watafiti wa Stanford walipitisha insha za TOEFL kwa detekta 7, insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu zikaitwa AI. Nikajaribu kukosea spelingi makusudi na kukata sentensi mbili vibaya, alama ikashuka. Yaani niandike vibaya ndio nionekane mtu.

Kubishana na asilimia haisaidii. Makala ilikuwa kwa Google Docs, nikampa ruhusa ya kuedit (ukimpa ya kusoma tu haoni historia) nikamwambia aende File, Version history, See version history. Hapo utaona aya inakua polepole, sentensi inafutwa, inarudi, inahamishwa. Kitu cha kubandika huwa kinatokea chote mara moja. Sawa, mtu anaweza kukaa akopi neno kwa neno, lakini nani atafuta intro yake hivyo usiku wa manane? Nikaongeza na picha ya sahani ya mama na vijiwe vyake.

Akajibu, "Nimeona, pole", akalipa. Kazi iliyofuata ikaja na sharti jipya: detekta isipite asilimia 10. Nikakubali, rent haingoji. Nikawa namaliza makala safi halafu naanza kuiharibu, navunja sentensi, natoa maneno yaliyokaa vizuri naweka ya ovyo, mpaka namba ishuke. Haikupita muda edita wake akaanza kunirudishia kazi, anauliza mbona siku hizi Kiingereza changu kimekuwa hivi.